Ushuhuda wa Madhabahuni Si Idhini ya Video

Malalamiko kuhusu video za shuhuda yanazidi kutufikia, na karibu kila kanisa linaloitwa kujieleza linakuja na jibu moja: "Alisimama mwenyewe, mbele ya watu wote, hakuna aliyemlazimisha." Naandika nikijua kwamba wengi wanaorekodi shuhuda wana nia njema. Makala haya ni ya kuelimisha tu, wala hayatoi uamuzi juu ya shauri lolote lililo mbele ya ofisi yoyote.

Chukua mfano huu. Nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha mhusika. Mama mmoja muuza mahamri katika Kaunti ya Mombasa aliugua kifua kikuu. Baada ya kupona alitoa ushuhuda kanisani kwa dakika kumi na moja. Alisema alikunywa dawa miezi miwili, akakata tamaa na kutaka kuziacha, akaombewa, akapata nguvu ya kuendelea, akamaliza miezi yote sita, na kipimo cha mwisho cha makohozi hakikuonyesha viini. Katikati ya maneno hayo alimtaja kaka yake, kwamba naye anaishi na virusi vya UKIMWI. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa amesimama kando yake na sare ya shule.

Kijana wa kitengo cha video alikata dakika kumi na moja zikabaki mbili, kwa sababu watu hawatazami video ndefu. Katika hizo mbili mama anasema: "Nilikata tamaa. Nikaombewa. Kipimo hakikuonyesha viini." Kila neno ni lake, kwa sauti yake, lakini habari nzima imekuwa uongo. Dawa zimetoweka, lakini sentensi ya kaka na uso wa mtoto vimebaki. Mgonjwa anayeitazama video hiyo akiwa mwezi wa pili wa matibabu, kikohozi kimeshapungua na mwili umeanza kurudi, ana kila sababu ya kuamini kwamba vidonge vilivyobaki havina haja. Akiviacha, viini vilivyosalia vinaweza kuwa sugu kwa dawa, naye akawaambukiza watu wa nyumbani mwake ugonjwa ulio mgumu zaidi kutibu.

Kwa hiyo mhariri asikate bila kuuliza swali hili: nikiondoa sentensi hii, mtazamaji ataelewa jambo tofauti na lile alilolisema mwenyewe? Dawa, hospitali, upasuaji na muda uliopita kati ya maombi na kupona havikatwi, hata kama video itakuwa ndefu. Picha za "kabla na baada" ziwe za mhusika mwenyewe na zipigwe tarehe zinazojulikana. Na rekodi nzima isiyokatwa ihifadhiwe mahali salama, kwani bila hiyo hakuna njia ya kuonyesha kwamba mkato ulikuwa wa haki.

Sasa idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya na imani ya mtu kuwa data nyeti. Kifungu cha 45 kinayaruhusu mashirika ya kidini yasiyo ya faida kushughulikia data hiyo ya waumini wao, mradi wawe na ulinzi unaofaa, na mradi data isitolewe nje ya shirika bila idhini ya mhusika. Someni maneno hayo ya mwisho taratibu. Ushuhuda uliosikika ndani ya kanisa bado umo ndani. Ukiingia YouTube umetoka. Waumini mia mbili waliomsikia Jumapili wanamjua na wanamwombea, lakini mteja wa mahamri aliyeona video kwenye simu hajui kwamba mtu aliyemaliza dawa na kuthibitishwa amepona haambukizi tena. Mama huyu alipoteza wateja.

Kifungu cha 32 kinaweka mzigo wa kuthibitisha idhini kwa anayetumia data, yaani kanisa, si kwa mama. Kauli ya "alikubali kwa mdomo" haitawasaidia siku ya kuulizwa. Nashauri idhini ichukuliwe mara mbili. Mara ya kwanza ni kabla ya kurekodi, kwa karatasi iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa: video itawekwa wapi, kwa muda gani, kama jina, uso na sauti vitatumika, na nani apigiwe simu akitaka iondolewe. Mara ya pili ni baada ya kuhariri, akiwa ameitazama video yenyewe mwanzo hadi mwisho, siku kadhaa baada ya ibada. Machozi ya madhabahuni yakishakauka, mtu huona mambo ambayo hakuyafikiria. Anayemwomba idhini asiwe mchungaji aliyemwombea. Ni nani atamkatalia?

Kaka yake hakuwapo, na hakuna aliyemuuliza. Idhini ya dada haimfungi kaka, na hali ya virusi vya UKIMWI ya mtu mwingine haitangazwi kwa huruma wala kwa shangwe. Sehemu hiyo inakatwa, pasipo mjadala. Mtoto naye anahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na hata ikiwapo, kuonekana kwake kuwe kwa manufaa yake mwenyewe. Sare imeshataja shule anayosoma. Mnamo Septemba 2023 shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Wanaorekodi waliobadili dini, awe aliyeokoka au aliyesilimu, nawaomba wawe waangalifu mara mbili. Hapa Pwani mtu anaweza kuwa amebadili dini na bado hajamwambia mama yake mzazi. Video isiwe ndiyo inayomwambia.

Wapo wanaoniambia, "Tumemziba macho kwa ukanda mweusi." Ukanda hauzibi sauti, kanga, mlango wa nyumba wala cheti cha kliniki kilichoshikwa mkononi. Jirani atamtambua kwa neno la kwanza. Mtu akitaka kufichwa kweli, maneno yake yasomwe na mtu mwingine, na watazamaji waambiwe wazi kwamba sauti si yake.

Mhusika anaweza kuondoa idhini wakati wowote. Matumizi ya awali hayawi haramu kwa sababu hiyo, lakini video haiwezi kuendelea kubaki. Kanuni za mwaka 2021 zinatoa siku 14 kujibu ombi la kufuta. Asipojibiwa, anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data kwa maandishi au kwa mdomo. Ya mdomo huandikwa na ofisi. Uchunguzi unatakiwa kukamilika ndani ya siku 90. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au kwa shirika asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kando ya faini, mhusika anaweza kudai fidia, ikiwemo kwa fadhaa aliyopata hata kama hakupoteza senti.

Kwa video ya mama huyu, YouTube hairuhusu kubadilisha faili ukabaki na kiungo kilekile. Kufunika uso wa mtoto na kukata sentensi ya kaka kunawezekana ndani ya YouTube Studio, lakini dakika zilizoondolewa hazirudi. Ili dawa zirejee kwenye ushuhuda, video ya zamani ifutwe, mpya ihaririwe kutoka rekodi nzima, mama aitazame, atie sahihi upya. Nakala zilizokwisha kusambaa WhatsApp hazikusanyiki, na hilo mama aambiwe mapema, kabla kamera haijawashwa.