Mlinganyo uliopigwa picha: vigawo au fomula?

Mwanafunzi wa kidato cha pili kutoka Tukuyu alinitumia picha ya daftari lake kwa WhatsApp: "Shikamoo mwalimu. Hili swali nimelifanya kwa fomula, linagoma." Picha ilipigwa jioni, ukurasa umejikunja, na mlinganyo ulisomeka hivi:

6x² + 7x = 20

Tarakimu ya mwisho ilikuwa imefifia. Ilikuwa sifuri, au 6 iliyopoteza mkia wake.

Kilichomgomea ni jambo dogo. Alichukua a = 6, b = 7, c = 20 moja kwa moja kutoka kwenye picha. Lakini fomula inadai upande mmoja uwe sifuri kwanza, yaani 6x² + 7x − 20 = 0, na hapo c ni −20. Kwa c = 20, b² − 4ac inakuwa 49 − 480, sawa na −431, na namba hasi haina kipeuo cha pili katika namba anazozijua. Kwa c = −20 inakuwa 49 + 480 = 529, na 529 ni 23 mara 23.

Hiyo 529 ndiyo inayonifanya niseme kwamba hapa vigawo vinafaa zaidi. Namba za mlinganyo zikiwa kamili, na b² − 4ac ikiwa na kipeuo kamili, vigawo vya namba kamili vipo kwa hakika. Ikikosa kipeuo kamili, havipo, hata ukeshe unavitafuta. Kwa hiyo mimi huwaambia wanafunzi wakokotoe b² − 4ac kabla ya kuchagua njia. Ni mstari mmoja tu wa kazi.

Tuendelee na vigawo. Tunatafuta namba mbili ambazo zao lake ni 6 × (−20) = −120 na jumla yake ni 7. Unaweza kujaribu jozi moja baada ya nyingine, lakini ukishajua 23 huna haja ya kubahatisha: (7 + 23) ÷ 2 = 15, na (7 − 23) ÷ 2 = −8. Wengi hufundishwa njia hizi mbili kama vitu visivyojuana, kumbe kipeuo kilekile cha fomula ndicho kinachokupa namba za kugawia kati. Sasa 6x² + 15x − 8x − 20 inakuwa 3x(2x + 5) − 4(2x + 5), yaani (3x − 4)(2x + 5) = 0. Majibu ni x = 4/3 au x = −5/2.

Je, kama ile tarakimu ilikuwa 6 kweli? Basi c = −26, na 49 + 624 = 673. Kipeuo cha 673 ni karibu 25.94, si namba kamili. Anayeng'ang'ania vigawo atapitia jozi zote za 156 na hatapata hata moja inayotofautiana kwa 7. Hapo fomula ndiyo njia: x = (−7 ± 25.94) ÷ 12, karibu 1.58 au −2.75. Kumbuka kugawa juu yote kwa 12, ikiwemo −7.

Swali lilikuwa chini ya zoezi la vigawo, kwa hiyo 20 ilikuwa na nguvu kuliko 26. Nilimwomba apige picha upya mchana, na ikawa 20 kweli. Kipimo hiki kina upofu mmoja, nao ni alama ya b. Kama picha ingemeza mstari wa wima wa alama ya kujumlisha na ukasoma 6x² − 7x = 20, bado ungepata 529, kwa sababu −7 mara −7 nayo ni 49. Vigawo vingetoka vizuri kabisa, ila majibu yangekuwa −4/3 na 5/2. Kuyarudisha majibu kwenye mlinganyo ulioukosea hakukuokoi. Alama ya katikati lazima uitazame kwenye karatasi yenyewe.

Namba zikitoka kwenye vipimo badala ya kitabu, usitegemee vigawo. Chukua bustani ya viazi pale Uyole ambayo urefu umezidi upana kwa meta 7 na eneo lake ni meta za mraba 500. Mlinganyo ni x² + 7x − 500 = 0, na b² − 4ac ni 2,049. Kipeuo chake ni karibu 45.27, basi nenda na fomula: upana ni (−7 + 45.27) ÷ 2, karibu meta 19.1, na urefu karibu meta 26.1. Jibu la pili ni hasi, na upana wa bustani hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo linaachwa.