Jedwali la posho ni nusu tu ya sera

Wiki hii nimeambiwa tena, na kijana wa uhasibu ninayemheshimu: "Dada, si unafungua kiambatisho cha sera ya safari, unanakili jedwali la posho, kazi imeisha?" Haijaisha. Jedwali linakupa kiwango kamili cha kila daraja. Masharti yanayokipunguza yamekaa kurasa nyingine kabisa.

Chukua safari moja niliyoikagua Juni 2025. Mtumishi wa daraja la 7 alikwenda Dodoma kwenye mafunzo, akalala siku 4. Jedwali la taasisi yake lilisema daraja la 6 hadi 8, mjini, shilingi 150,000 kwa siku. Aliyeandaa masurufu akazidisha, akatoa 600,000. Kurasa kadhaa mbele, chini ya kichwa cha mafunzo na semina, kulikuwa na kifungu: mwandaaji akilipia malazi, mtumishi apewe asilimia 40 tu. Hoteli ilikuwa imeshalipiwa. Alistahili 240,000, na zile 360,000 zikawa deni la kukatwa kwenye mshahara wa mtu ambaye hakukosea lolote.

Ndiyo maana kila mstari ninaoutoa kwenye sera na kuuweka kwenye jedwali langu una daraja, eneo, nani analipia malazi, kiwango, namba ya kifungu, na tarehe kiwango kilipoanza kutumika. Hiyo tarehe msiiache, kwa sababu waraka unaweza kupandisha viwango huku sera yenyewe ikibaki na jedwali la zamani.

Kwenye usafiri, angalia neno "daraja" lenyewe: sera hulitumia kwa cheo cha mtumishi na kwa kiti cha ndege. Mimi naandika "daraja la mshahara" na "daraja la kiti", halafu natafuta kama kiti cha daraja la biashara kimefungwa kwa urefu wa safari.

Kinachonisumbua zaidi ni muda wa kuwasilisha madai. Sera ile iliandika "ndani ya siku 14 baada ya safari", bila kusema ni siku za kalenda au za kazi. Mtumishi alirudi Ijumaa, Juni 13. Kwa kalenda, mwisho ni Juni 27. Kwa siku za kazi, ukianza kuhesabu Jumatatu, mwisho ni Julai 3. Katikati hapo kuna Juni 30, mwaka wa fedha unafungwa, na dai linaangukia bajeti nyingine.

Tafsiri iliyo sahihi siijui, na sitajifanya naijua. Nimeweka tarehe zote mbili kwenye jedwali langu, nikanakili maneno ya kifungu kama yalivyo, nikawaandikia utumishi watoe ufafanuzi kwa maandishi. Hadi wajibu, watumishi nawapa tarehe ya mapema.