Umbali wa kosaini, Euklidi na Manhattan: jirani yuleyule hawi jirani kwa wote

Tuseme una duka la rejareja na umeandika kila mteja ananunua kilo ngapi za unga na sukari kwa mwezi. Mama Asha anachukua unga 4, sukari 2, tumwandike (4,2). Wapo wengine watatu: mama ntilie (40,20), Juma (7,5) na bi Rehema (4,7). Swali ni nani anafanana zaidi na Mama Asha, na jibu linategemea unapimaje.

Euklidi ndo ule mstari ulionyooka wa rula. Unachukua tofauti ya unga na tofauti ya sukari, unazipiga kipeo cha pili, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili cha jumla. Kwa Juma tofauti ni 3 na 3, unapata kama 4.24. Kwa Rehema ni 0 na 5, unapata 5. Mama ntilie yuko mbali kabisa, zaidi ya 40, kwa hiyo jirani ni Juma.

Manhattan ni kama kutembea Kariakoo, huwezi kukatiza katikati ya majengo, unafuata mtaa huu halafu unakata kona. Hapa unajumlisha tofauti zenyewe tu bila kuzipandisha kipeo. Juma anakuwa 3+3=6, Rehema 0+5=5, na sasa jirani ni Rehema! Sababu ni kwamba Euklidi inaiadhibu sana tofauti moja kubwa, 5 ikipigwa kipeo inakuwa 25, wakati 3 mbili zinatoa 18 tu. Manhattan haina hasira hiyo.

Kosaini yenyewe haiangalii wingi, inaangalia uelekeo, yaani uwiano wa unga kwa sukari. Mama Asha ni 2 kwa 1, mama ntilie naye 2 kwa 1, basi pembe kati yao ni sifuri, kosaini yake ni 1, na umbali, yaani 1 kutoa kosaini, ni 0, ingawa mmoja ananunua mara kumi ya mwenzake. Juma anafuata kwa 0.012, Rehema ni 0.168. Ukitaka kuona mwenyewe:

```python
from sklearn.neighbors import NearestNeighbors
X = [[40,20],[7,5],[4,7]]
for m in ["cosine","euclidean","manhattan"]:
    nn = NearestNeighbors(n_neighbors=1, metric=m).fit(X)
    print(m, nn.kneighbors([[4,2]], return_distance=False))
```

Inatoa 0, 1, 2, yaani nafasi ya jirani kwenye X ukianza kuhesabu sifuri, vipimo vitatu na majirani watatu tofauti, data ni ileile.

Kwenye klasta, yaani kugawa data kwenye makundi ya wanaofanana, ni hivyohivyo. Ukiwagawa hawa wanne makundi mawili kwa Euklidi, mama ntilie anabaki peke yake na wengine watatu wanakaa pamoja, umegawa wanunuzi wakubwa na wadogo. Kwa kosaini Rehema ndo anatoka, maana ni yeye tu ananunua sukari nyingi kuliko unga. Mimi naona hapa ndo pa kujiuliza kabla hujagusa kompyuta: unatafuta nani ananunua sana, au nani ananunua vitu vya aina gani?

Halafu `KMeans`, njia ya sklearn ya kutengeneza klasta, haikupi nafasi ya kubadilisha kipimo, kwa sababu kitovu cha kila kundi ni wastani na wastani unaendana na Euklidi. Kwa Manhattan kitovu sahihi ni namba ya katikati. Angalia unga wetu, 4, 4, 7, 40: wastani ni 13.75, ambao haufanani na mteja yeyote, ila namba ya katikati ni 5.5. Kwa kosaini unagawanya kila mteja kwa urefu wa vekta yake, yaani umbali wake kutoka (0,0), ndo unaendesha `KMeans`, unapata kitu kinachokaribiana sana na klasta za kosaini.

Kinachoharibu zaidi ni vizio. Andika sukari kwa gramu, unga uache kwa kilo, na Manhattan inahama kutoka Rehema kwenda kwa Juma, maana sasa ni 3003 dhidi ya 5000, unga hauna tena sauti. Kosaini nayo inawaona wote karibu sawa kwa kuwa kila vekta imelalia upande wa sukari. Ukiona umbali wa kosaini wote unakaribia sifuri, kagua hapo kwanza.

Watu wengi hukimbilia kusawazisha kwa kutoa wastani, na kwa Euklidi na Manhattan kutoa wastani hakubadilishi kitu, kinachosaidia ni kule kugawanya. Lakini kwa kosaini kutoa wastani kunahamisha sifuri yenyewe. Toa wastani (13.75, 8.5) kwenye data yetu ya kilo, Mama Asha anakuwa (-9.75, -6.5), mama ntilie (26.25, 11.5), na kosaini yao iliyokuwa 1 inashuka mpaka karibu -0.98, mapacha wamegeuka maadui. Ukitaka kusawazisha na uwiano wao ubaki pacha, gawanya kila safu kwa thamani yake kubwa, unga kwa 40 na sukari kwa 20, usitoe kitu.