Maumivu ya kinena kwa mjamzito: usikubali kukandwa tumbo

Nesi, mimba yangu ina miezi mitano. Nikigeuka kitandani au nikipiga chafya nachomwa kinenani kama kwa kisu. Mtoto ameumia?

Hapana. Mji wa mimba umeshikiliwa na kano mbili, moja kila upande, zinazoshuka hadi kinenani. Mimba ikikua zinavutika, na ukijigeuza ghafla zinakaza na kuchoma, mara nyingi upande wa kulia. Kichomi hicho hupita baada ya sekunde chache. Ukihisi chafya inakuja, inama kidogo mbele. Ukitaka kuamka, lala kwanza kwa ubavu, magoti pamoja, kisha jiinue kwa mikono.

Mimi mfupa wa mbele ndio unauma, hata kuvaa nguo kwa kusimama mguu mmoja siwezi.

Hivyo ni viungo vya nyonga. Homoni za mimba huvilegeza huku uzito ukiongezeka. Vaa nguo ukiwa umekaa, lala kwa ubavu na khanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Na hiyo ndoo ya lita 20 unayopanda nayo kutoka ziwani, tafadhali, mtu mwingine aibebe. Panadoli inaruhusiwa kwa kipimo sahihi. Diklofenaki ya dukani, hapana.

Mama mkwe anasema ni mishipa, nikandwe tumbo kwa mawese. Nikubali?

Usikubali. Kukanda hakurefushi kano wala hakukazi nyonga, ila kunaweza kuumiza kondo la nyuma, na kunakupotezea muda. Hapa Kigoma nampokea mama wa namna hii mara kwa mara. Mmoja, mimba ya wiki 31, alikandwa siku mbili kwa "mishipa". Alipofika, tumbo lilikuwa likikaza kila baada ya dakika saba na njia imeshafunguka. Ulikuwa uchungu wa mapema tangu siku ya kwanza.

Sasa nitatofautishaje?

Lala kwa ubavu, weka kiganja tumboni, hesabu kwa saa. Maumivu ya kano na nyonga huja ukisogea na hupungua ukitulia. Uchungu hauulizi umelalaje: tumbo lote linakuwa gumu, linalegea, linakuwa gumu tena, na kiuno kinauma nalo. Likikaza hivyo kwa kurudiarudia kabla ya wiki 37, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Nenda vilevile ukiona damu, maji yakivuja, homa, mkojo ukiuma, au mtoto akipunguza kucheza.

Nikisubiri asubuhi je?

Usisubiri. Mimba ikiwa bado haijatimiza muda, hospitali inaweza kukupa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na sindano hizo zinahitaji saa kadhaa kabla ya kujifungua ili zifanye kazi vizuri. Yule mama wa wiki 31 alijifungua dakika arobaini baada ya kufika. Tulimchoma sindano ya kwanza, muda wa kufanya kazi haukuwepo.