Ripoti ya zamu ya sukari na insulini: maana yake kwa mgonjwa aliyetoka upasuaji

Ripoti ya zamu ni maelezo ambayo muuguzi anayetoka humwachia anayeingia. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyetoka chumba cha upasuaji, ripoti hiyo ina kazi moja ngumu: kueleza insulini iliyochomwa kabla ya makabidhiano itafanya nini baada ya aliyeichoma kwenda nyumbani. Namba ya sukari ni ya saa ile ilipopimwa. Insulini iliyo mwilini ni ya saa zinazokuja, na mara nyingi saa hizo ni za muuguzi mwingine.

Nichukue mfano niliotunga kutokana na mambo yanayojirudia wodini. Mama wa miaka 58 yuko kitanda namba 7. Ana kisukari cha aina ya pili na nyumbani hutumia insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Leo amesafishwa kidonda cha mguu kwa nusukaputi. Amerudi wodini saa 7 mchana, na saa moja baadaye sukari yake ni 14.2 (mashine huandika mmol/L). Hilo halishangazi, kwa sababu upasuaji na maumivu huufanya mwili umwage homoni zinazopandisha sukari hata kama mtu hajatia kitu mdomoni. Kwa chati aliyoiagiza daktari, anachomwa uniti 6 za insulini ya muda mfupi, ile iliyo angavu kama maji. Saa 12 jioni sukari ni 11.8, anachomwa uniti 4. Nusu saa baadaye analetewa uji, anakunywa nusu kikombe na kuutapika wote.

Saa 1:30 usiku zamu inabadilika. Ripoti ambayo nimeiona mara nyingi sana ingesema hivi: "Kitanda 7, kisukari, sukari 11.8, insulini amepewa, anaendelea vizuri." Kila neno lina ukweli, ila anayeisoma ataona sukari iliyo juu kidogo, atangoja kipimo cha kawaida cha saa 4 usiku, na atakuwa amedanganyika.

Insulini hii ikichomwa chini ya ngozi huanza kazi baada ya kama nusu saa, hufikia nguvu yake kubwa kati ya saa 2 na 4 tangu kuchomwa, kisha hufifia taratibu hadi saa 6 au 8. Dozi ya saa 12 jioni itakuwa na nguvu zaidi kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Dozi ya mchana nayo bado ina mkia. Uji uliotarajiwa kuikabili haupo tumboni, na dripu inayoingia ni ya chumvi, haina sukari ndani yake. Yaani sukari itashuka hasa katika muda ambao hakuna kipimo kilichopangwa, na mama mwenyewe amelala kwa dawa ya maumivu. Kutetemeka na kuchanganyikiwa, dalili ambazo zingetushtua, zitaonekana kama usingizi tu. Jasho jingi la baridi ndilo huwahi kumshtua muuguzi, naye lazima awe ameigusa ngozi.

Ripoti inayostahili jina lake ingeandikwa hivi:

"Kitanda 7, kisukari cha aina ya pili. Sukari 14:00 ilikuwa 14.2, insulini ya muda mfupi uniti 6. Sukari 18:00 ilikuwa 11.8, uniti 4. Uji 18:30, ametapika wote, hajala kitu tangu asubuhi. Dripu ya chumvi, haina sukari. Insulini yake ya jioni haijachomwa, daktari wa zamu ameagiza isubiri. Pima 20:00, usingoje 22:00. Ikiwa chini ya 6, mpigie daktari. Asiongezewe insulini kabla ya 22:00 hata ikiwa juu, bila kumuuliza daktari."

Sentensi ya mwisho inahitaji maelezo. Muuguzi akipima saa 2 usiku akakuta 12, mkono hukimbilia sindano. Lakini dozi ya jioni haijamaliza kazi. Akichoma nyingine, dozi mbili zitakutana kileleni, na usiku wa manane mgonjwa atakuwa na 2.9.

Kuhusu insulini ya jioni, ripoti imeandika kwamba haijachomwa na ni kwa agizo la nani. Pengo tupu kwenye kadi ya dawa linaweza kumaanisha imesahauliwa, na mtu mwenye nia njema akaichoma. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza jambo hubadilika kabisa: insulini yake ya muda mrefu haisimamishwi kwa sababu tu hajala, maana bila hiyo mwili huanza kuzalisha asidi na anaweza kufa. Kwa hiyo aina ya kisukari lazima iwepo kwenye ripoti.

Sasa saa zenyewe. Umeona kwamba nimesimulia kwa saa zetu lakini ripoti nimeiandika 18:00 na 20:00. Wodini tunasema "saa mbili" tukimaanisha mbili ya usiku, na faili linaandikwa kwa saa 24. Mtu akiandika kwa haraka "insulini saa 2", mmoja atasoma saa 2 usiku, mwingine 14:00. Tofauti ni saa 6, karibu umri wote wa dozi: wa kwanza ataona insulini iliyo katika nguvu zake, wa pili ataona iliyokwisha. Kwa mdomo sema saa za Kiswahili pamoja na "usiku" au "mchana". Kwa kalamu andika za faili. Na neno uniti liandikwe lote. "4U" yenye mwandiko mbaya husomeka 40.

Kipimo nacho kinaweza kusema uongo. Kidole chenye mabaki ya embe au soda hutoa namba kubwa isiyo ya damu, na damu ya mkono unaoingizwa dripu ya sukari vilevile. Namba isipolingana na hali ya mgonjwa, osha kidole kwa maji, kikaushe, upime mkono wa pili, na ripoti iseme kipimo kilirudiwa.

Turudi kitanda namba 7. Saa 2 usiku sukari ni 5.1. Ingekuwa mchana na amekula, ni namba nzuri. Usiku huu imeshuka karibu 7 kwa saa mbili na nguvu kubwa ya dozi ndiyo kwanza inaanza. Daktari anapigiwa, anaagiza dripu ya deksitrosi asilimia 5, sukari ipimwe kila saa. Saa 3 ni 4.8, saa 4 ni 5.9, saa 6 ni 7.4. Haikufika chini ya 4, ambapo ingebidi apewe glukosi ya haraka, kwa mdomo kama anameza vizuri au kwa mshipa kama hawezi.

Asubuhi muuguzi wa usiku anaandika yake: "Sukari 06:00 ni 8.6. Deksitrosi bado inaingia. Hajatapika tangu 19:00, ameomba chai. Insulini ya asubuhi isichomwe mpaka muone amekula, na daktari aseme dripu itolewe lini."