Wosia asilia haupo, imebaki fotokopi

“Baba aliandika wosia kwa wakili na wengi wetu tulijua. Sasa amefariki, karatasi yenyewe haionekani, tuna fotokopi tu. Je, fotokopi hiyo ina maana yoyote mahakamani?”

Ina maana, na kwa Kenya jibu limo ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinamtaka anayeomba idhini ya kusimamia mali ya marehemu aambatanishe wosia asilia. Ikiwa asilia imepotea, au imeharibiwa bila nia ya kuufuta wosia, au haiwezi kuletwa kwa sababu nyingine, anaruhusiwa kuambatanisha nakala iliyothibitishwa. Asipokuwa hata na nakala, anaweza kutaja majina na anwani za watu wanaoweza kuthibitisha yaliyoandikwa. Kwa hiyo kesi za namna hii hazifii kwa sababu karatasi ni fotokopi. Zinafia kwenye swali ambalo familia nyingi hazikuwa zimejiandaa kulijibu: asilia ilikuwa mikononi mwa nani mara ya mwisho?

Swali hilo lina uzito kwa sababu mtu aliye hai ana haki ya kuufuta wosia wake, wala halazimiki kumwambia yeyote. Kifungu cha 18 kinasema anaweza kuandika mwingine unaoufuta wa kwanza, au kuuchoma, kuuchana au kuuharibu vinginevyo akiwa na nia ya kuufuta. Anaweza pia kumwagiza mtu mwingine amfanyie hivyo. Sasa mzee akichukua wosia wake kwa wakili, akaenda nao nyumbani, kisha akifa usionekane, mahakama zinazofuata mkondo wa sheria ya Kiingereza, za Kenya zikiwemo, huanza na dhana moja: huenda aliuharibu mwenyewe kwa makusudi. Fotokopi iliyobaki kwa binti yake haiondoi dhana hiyo. Inaonyesha tu kwamba siku moja wosia ulikuwepo, jambo ambalo pengine hakuna anayelikana.

Lakini kama asilia ilibaki kwa wakili, au kwenye sefu ya benki, na ikapotea huko, dhana hiyo haina pa kusimama. Marehemu hakuwa nayo, angeichoma vipi? Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kufuatilia safari ya ile karatasi, kabla hata ya kusoma nani amepewa nini. Mawakili wengi huwa na daftari la hati wanazotunza, na mteja akichukua hati yake hutia sahihi. Mstari mmoja katika daftari hilo unaweza kuamua kesi nzima. Ukionyesha kwamba mzee aliondoka na asilia, mna kazi kubwa mbele yenu. Ukionyesha kwamba hakuichukua kamwe, kazi imepungua nusu.

Dhana yenyewe si ukuta. Inavunjwa kwa ushahidi, na kiasi cha ushahidi hutegemea jinsi marehemu alivyoitunza karatasi. Mtu aliyeifungia kwenye sefu yenye ufunguo mmoja, nao ukiwa mfukoni mwake, anaacha dhana nzito. Aliyeiweka kwenye droo ambayo kila anayeingia chumbani angeweza kuifungua anaacha dhana nyepesi.

Kesi inayotajwa mno katika jambo hili ni ya Uingereza ya mwaka 1876, kuhusu wosia wa Lord St Leonards, mwanasheria aliyewahi kuwa Lord Chansela wa nchi hiyo. Alifariki Januari 1875. Sanduku lake la nyaraka lilipofunguliwa, nyongeza kadhaa za wosia zilikuwemo lakini wosia wenyewe haukuwemo. Mtu makini kiasi hicho, aliyeutunza wosia kama mboni ya jicho, angeuchoma kimya kimya na kuziacha nyongeza zake zikining’inia? Mahakama haikuamini hivyo, hasa ilipobainika kwamba sanduku lile lingeweza kufunguliwa na funguo nyingine za nyumbani. Binti yake Charlotte, ambaye alikuwa akimsaidia baba yake katika kazi zake na alishausoma wosia mara nyingi, alieleza yaliyomo kwa kumbukumbu, na Mahakama ya Rufani ikamkubali. Fotokopi hazikuwepo enzi hizo, na binti huyo alikuwa mmoja wa wanaonufaika. Aliyeshika fotokopi safi leo yuko mbali mbele yake.

Tutunge mfano wa nyumbani ili tuone uzani unavyofanyika. Mzee mmoja wa karibu na Eldoret ana ekari kumi na mbili na nyumba ya kupangisha mjini. Mwaka 2015 aliandika wosia kwa wakili, mbele ya mashahidi wawili, akampa binti yake wa pili ile nyumba na kuwagawia wanawe watatu shamba. Asilia aliichukua akaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na hatimiliki za shamba na nyumba. Fotokopi moja ikabaki kwenye faili la wakili, nyingine akampa binti. Mzee akafariki. Baada ya maziko sanduku likafunguliwa mbele ya wazee wa ukoo: wosia haumo, hatimiliki nazo hazimo.

Hapo penye hatimiliki ndipo wakili mzuri atakapokaa. Mzee aliyebadili mawazo kuhusu wosia angechana wosia; hana sababu ya kuteketeza hatimiliki za ardhi yake. Vikitoweka pamoja, harufu ni ya mkono wa mtu mwingine. Ongeza kwamba siku ya msiba mwana wa kwanza alionekana akitoka chumbani mwa marehemu, na kwamba wiki mbili kabla ya kufa mzee alimpigia karani wa wakili akamwambia wosia wake ubaki ulivyo. Maneno ya namna hiyo yakisemwa karibu na kifo yana nguvu sana, kwa kuwa yanaonyesha akilini mwake wosia ulikuwa bado hai. Karani aitwe, na rekodi ya simu itafutwe ikiwezekana. Kwa ushahidi huo fotokopi ina nafasi nzuri.

Sasa geuza mambo machache tu. Sanduku limekutwa limefungwa kwa kufuli, ufunguo kwenye koti la marehemu, hatimiliki zote zimo, ila wosia tu haupo. Miezi mitatu kabla ya kifo mzee na yule binti walikosana hadi chifu akaingilia. Hakuna aliyemsikia akiutaja wosia baada ya hapo. Fotokopi ni ileile, sahihi ni zilezile, lakini ningemwambia binti asitumie akiba yake yote kwenye kesi hii. Mali itagawanywa kana kwamba hakukuwa na wosia, na yeye atapata fungu lake kama mtoto miongoni mwa watoto.

Na ikiwa mnajua nani kaficha asilia? Msiishie kwa uvumi wa jikoni. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, inaruhusu nakala itumike pale ambapo asilia iko kwa mpinzani naye hailet­i baada ya kupewa notisi ya maandishi. Notisi hiyo ni barua ya wakili inayoitaja hati kwa tarehe na mashahidi wake, na kumtaka ailete mahakamani. Akikana kuwa nayo, atakanusha kwa kiapo na atahojiwa juu ya kiapo hicho. Kuficha wosia kwa nia ya kulaghai ni kosa la jinai pia, na mara nyingine barua inayolikumbusha hilo kwa adabu huifanya karatasi “ionekane” nyuma ya kabati.

Kuhusu fotokopi yenyewe, mambo mawili hutazamwa. Kwanza, je, wosia uliofotokopiwa ulikuwa halali? Kifungu cha 11 cha Sheria ya Urithi kinataka sahihi ya mwenye wosia na mashahidi wasiopungua wawili, kila mmoja awe amemwona akitia sahihi au amesikia kwake kwamba sahihi ni yake. Fotokopi ya rasimu isiyo na sahihi haithibitishi hayo peke yake. Mtafuteni angalau shahidi mmoja aliye hai aje aseme alichokiona siku ile. Kama shahidi ndiye aliyepewa mali, au mume ama mke wake, kifungu cha 13 kinabatilisha zawadi yake isipokuwa wako mashahidi wengine wawili walio huru.

Pili, je, fotokopi ni kamili na ya kweli? Hapa ndipo wapinzani hupiga kwa nguvu, na mara nyingi wana haki. Mtaalamu wa maandishi akipewa asilia huona mkandamizo wa kalamu, mahali wino ulipopita juu ya wino mwingine, na mkono ulipositasita. Fotokopi humfutia hayo yote. Sahihi halisi iliyokatwa kwenye barua nyingine ikabandikwa chini ya ukurasa na kupitishwa kwenye mashine hutoka safi kabisa. Dalili za kutilia shaka ni sahihi inayolingana nukta kwa nukta na nyingine inayojulikana (hakuna mtu anayeweza kutia sahihi mbili zinazofanana hivyo), kivuli chembamba kuizunguka, maandishi ya ukurasa mmoja kukaa tofauti na ya mwingine, au alama za pini zinazopishana kati ya kurasa. Dawa yake ni kuwa na nakala mbili zilizokaa sehemu mbili tofauti. Ya binti na ya faili la wakili zikilingana neno kwa neno, dai la kughushi linabaki bila miguu.

Basi ombi linapofunguliwa, liambatane na fotokopi na viapo: cha aliyetafuta asilia, akitaja kila mahali alipotafuta; cha wakili au karani aliyeitoa nakala; na cha shahidi wa sahihi. Tangazo hutolewa kwenye Gazeti Rasmi na wenye pingamizi hupewa siku 30. Msiseme “tumetafuta kila mahali.” Semeni: sanduku, kabati, ofisi ya wakili, benki mbili alizokuwa na akaunti, na nyumba ya mke mdogo, ambayo kwa namna ya ajabu familia kubwa huisahau.

Mahakama ikiridhika, idhini inayotolewa juu ya nakala huwa na mpaka: ni hadi asilia itakapoletwa. Ikijitokeza mwaka mmoja baadaye, irudishwe mahakamani ilinganishwe. Na kama mzee alikuwa amekata jina la mtu kwa kalamu bila kutia sahihi tena mbele ya mashahidi, mkato huo hauhesabiki, na jina husomwa kama lilivyokuwa mradi bado linasomeka.