Fangasi wa Wodini: Jinsi Tulivyochagua Dawa, na Ule Mkanda wa Presha

Mvuvi mmoja mzee wa Mambrui alilazwa katika hospitali moja hapa Malindi baada ya utumbo wake kutoboka, akapasuliwa, kisha akawekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na mrija katika mshipa mkubwa wa shingo. Siku ya tisa homa ilimrudia. Damu yake ilipooteshwa maabara, palitokea fangasi wa aina ya chachu, naye akaanzishwa flukonazoli, kama ilivyo desturi ya wodi nyingi. Siku mbili zikapita na homa iko pale pale, ndipo nikaitwa.

Jambo la kwanza nililoliomba ni karatasi ya maabara. Mashine ilikuwa imeandika *Candida haemulonii*, na jina hilo linapotokea katika damu ya mgonjwa mahututi, mimi huwa silikubali haraka. Mashine zinazotambua chachu kwa kupima sukari zinazoliwa na fangasi huyo zimekuwa zikimchanganya *Candida auris* na jamaa yake huyu, hasa pale kumbukumbu zake zisipokuwa mpya. Tukaotesha tena kwenye nyuzijoto 42, joto ambalo *auris* hulistahimili na jamaa yake kwa kawaida halistahimili. Kesho yake sahani ilikuwa imejaa. Sampuli ilipelekwa kwenye maabara kubwa yenye mashine inayotambua vimelea kwa protini zao, lakini hatukungoja majibu ndipo tubadilishe dawa.

Mwana wa mzee alilisikia jina hilo kwa muuguzi, akaniuliza mlangoni, "Daktari, huyu mzee wetu amepasuliwa tumbo, hili la sikio limetoka wapi?" Swali lake lilikuwa la haki, kwa kuwa *auris* kwa Kilatini ni "la sikio". Fangasi huyu alielezwa mara ya kwanza mwaka 2009, baada ya kupatikana katika sikio la mgonjwa mmoja huko Japani, jina likamganda. Hana haja na sikio. Anachokipenda ni ngozi ya mtu, vyombo vya wodini, na mirija iliyokaa muda mrefu mwilini.

Flukonazoli haimwezi karibu kila mara, na yule wa mzee alistahimili zaidi ya mikrogramu 64 kwa mililita. Amfoterisini B ingewezekana, ila figo za mzee zilikuwa tayari zimechoka, na baadhi ya fangasi hawa ni sugu kwayo pia. Zikabaki ekinokandini, ambazo huzuia kimeng'enya kinachojenga ukuta wa seli ya fangasi. Kwa mtu mzima ndizo za kuanza nazo, nazo ni tatu zinazotumika sana: kaspofungini, mikafungini na anidulafungini. (Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili mambo ni mengine, huko amfoterisini B hutangulia.)

Watu huniuliza ipi kali zaidi kati ya hizo tatu. Kwa fangasi huyu ukali wake hautofautiani sana. Kinachoamua ni mgonjwa mwenyewe na dawa nyingine anazotumia. Mzee wetu alikuwa katika mwezi wa tatu wa matibabu ya kifua kikuu, yaani anameza rifampisini kila siku, na rifampisini hupunguza kiwango cha kaspofungini katika damu. Ningekuwa na anidulafungini ningeichukua bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa humeng'enyuka yenyewe katika damu bila kutegemea ini: miligramu 200 siku ya kwanza, kisha 100 kila siku. Stoo ya dawa ilikuwa na kaspofungini tu. Kawaida yake ni miligramu 70 siku ya kwanza, kisha 50 kila siku, lakini kwa sababu ya rifampisini tuliiacha kwenye 70 kila siku, huku tukilipima ini lake mara kwa mara.

Dozi ya kwanza nusura iharibike mikononi mwetu. Kichupa kilitolewa kwenye friji, kikaachwa baridi yake iishe, na muuguzi akawa ameshika chupa ya maji ya sukari, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Nikamwambia, "Hapana, Sista, hii haipatani na sukari." Kaspofungini haidumu katika maji ya sukari; huchanganywa na maji ya chumvi, kisha hupitishwa kwa muda wa saa moja hivi. Tangu siku hiyo kichupa hutoka stoo kikiwa kimefungwa pamoja na maji yake ya chumvi.

Mrija wa shingoni tuliutoa siku ile ile, maana fangasi huyu hujijengea utando juu ya plastiki na dawa hupenya humo kwa shida. Damu tuliendelea kuiotesha kila siku. Ya siku ya nne haikuota kitu, na siku 14 za dawa zikaanza kuhesabiwa hapo, wala si kutoka dozi ya kwanza. Kosa la hesabu hiyo nimeliona mara nyingi. Macho yake pia yalichunguzwa, kwani ekinokandini hufika jichoni kwa uchache mno. Lau damu ingeendelea kuota, ningetafuta usaha uliojificha tumboni au kwenye vali za moyo, na ningeomba usugu upimwe upya. Fangasi huyu anaweza kubadilisha jeni iitwayo *FKS1* katikati ya matibabu, na dawa iliyokuwa ikimwua ikaacha kumwua.

Kitanda cha pili palikuwa na mama ambaye mkojo wake uliotesha fangasi huyo huyo, naye hana homa wala maumivu. Niliombwa nimwandikie kaspofungini, nikakataa. Dawa hizi hufika kidogo tu katika mkojo, na kumbeba fangasi bila kuugua hakutibiwi. Tulimtoa mpira wa mkojo, basi.

Lakini yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba tuna mlipuko. Tukapitisha pamba kwapani na kwenye kinena cha wagonjwa wote wanane, watatu wakawa naye. Tulitazama wanachoshiriki. Chumba kizima kilikuwa na mkanda mmoja wa presha, wa kitambaa, uliozunguka kitanda hadi kitanda tangu alfajiri, umelowa jasho la kaskazi, na hakuna aliyekumbuka ulifuliwa lini. Pamba yake iliota. Huko Oksfodi, Uingereza, katika mlipuko ulioelezwa mwaka 2018, chanzo kikuu kilikuwa vipimajoto vya kwapani vilivyotumika kwa zaidi ya mgonjwa mmoja, na maambukizi yalipungua vilipoondolewa. Nasi kila kitanda kikapata mkanda wake.

Dawa ya kupangusia iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya amonia nne, yenye harufu nzuri, ambayo mara nyingi humwacha fangasi huyu salama. Tukahamia klorini ya kiwango cha sehemu 1000 kwa milioni: mililita 30 za ile ya asilimia 3.5 kwa lita moja ya maji, baada ya uchafu kuoshwa kwanza kwa sabuni, kisha uso ubaki umelowa dakika kumi. Dumu lilikuwa likikaa dirishani panapopigwa na jua la alasiri, na klorini hufa kwa joto na mwanga, kwa hiyo lilihamishwa kabatini na mchanganyiko ukawa unatengenezwa upya kila asubuhi. Kwa mikono, spiriti ya kawaida inatosha. Waliombeba fangasi walitengwa upande mmoja, na kila anayewahudumia huvaa glavu na gauni lisilovuka kwenda kitanda kingine.

Mzee ameruhusiwa kurudi Mambrui. Damu yake ni safi, ila kwapa lake wiki ya sita bado liliota, na huenda likaota kwa miezi. Nyumbani hana haja ya kutengwa na wajukuu; anayemfunga kidonda anawe kwa sabuni kabla na baada. Barua yake ya kuruhusiwa ina mstari mmoja juu kabisa, kwa wino mwekundu, kwa ajili ya hospitali yoyote itakayompokea: "Anabeba *Candida auris* kwenye ngozi, apewe chumba chake na mkanda wake wa presha."